Chini ya Utepe Mwekundu

Fundi sofa yeyote atakuambia kwamba futi yake ya kwanza ni mwili wake mwenyewe. Kabla hajakata mbao anachuchumaa hewani kama mtu aliyeketi kwenye kiti kisichoonekana, anajipima goti, anajipima kiuno, ndipo anashika penseli. Fundi wetu alikuwa hodari wa hilo, na sofa zake zilikaa miaka bila kulalamika. Jioni aliweka mkasi chini, akavaa filimbi shingoni, akawa kocha wa raga wa watoto wa chini ya miaka kumi na miwili. Waliocheza naye zamani walimwita Sponji. Ni kwa sababu ya kazi tu, maana kwa habari ya nidhamu moyo wake ulikuwa mgumu kama mbao ya mninga.

Jumanne ile, katika chumba cha klabu chenye harufu ya viatu vibichi, Sponji alisimama mikono kifuani akitazama nidhamu yake ikifanya kazi. Mbele ya wazazi alisimama msichana mrefu kuliko wenzake wote, ambaye timu nzima ilimwita Mlingoti. Alikuwa amevaa sare ya shule iliyopigwa pasi upya. Mama yake, mwokaji mikate, alikaa safu ya mwisho, macho yake yakiwa kwenye mikono yake mwenyewe.

"Naomba radhi," Mlingoti alisema. "Nilimkaba juu. Nilikosa adabu ya mchezo."

Kila mtu alijua anachoongelea. Jumamosi iliyopita, katika mechi na timu ya mtaa wa pili, alimvaa mtoto wa kinyozi kwa bega, na bega likatua chini ya kidevu. Mtoto alianguka chali. Alipofumbua macho alimuuliza refa kama wameshaanza kucheza. Daktari akasema ubongo umetikisika, akae nyumbani, asikimbie wala asichezee simu mpaka atakapomwona tena. Mlingoti alipewa kadi nyekundu na kufungiwa mechi. Alitoka uwanjani akitembea kama mtu anayetafuta mlango.

Kinyozi, baba wa mgonjwa, aliitikia kwa kichwa tu. "Nimesikia, mwanangu," akasema, na ilionekana kwamba amesikia lakini hajasamehe. Msichana akarudi kukaa karibu na mama yake. Hakulia. Sponji alilihesabu hilo kuwa jambo jema, akajisemea kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wala hakujiuliza ni nani aliyemlea huyu kwenye kukaba.

Watu walipotawanyika, katibu wa klabu alimshika mkono. Alikuwa mama mstaafu wa posta, mwenye miwani ya kamba, mtu aliyeamini kwamba jambo lisiloandikwa halijatokea.

"Kocha, waandikie wazazi barua. Sheria mpya ya kimo, na namna mnavyowafundisha. Wengine hapa bado wanapiga kelele 'mvunje' kutoka pembeni. Wakishasoma hawatakuwa na kisingizio."

"Na sisi tutakuwa tumejikinga," Sponji akasema.

"Hilo nalo," katibu akasema.

Basi kesho yake aliiandika kwenye meza ya kukatia vitambaa, vumbi la sponji likimwangukia kwenye karatasi. Tumpe haki yake: aliijua kazi. Hii ndiyo barua yenyewe, au sehemu yake iliyo muhimu.

*Ndugu wazazi na walezi. Zamani mkabaji aliruhusiwa kumshika mwenye mpira popote chini ya mstari wa mabega. Sasa, kwa ngazi yetu, mwisho ni pale mfupa wa kifua unapoishia. Mwekee mwanao kidole katikati ya kifua, kishushe taratibu mpaka mfupa uishe na tumbo laini lianze. Ni hapo. Kukaba juu ya hapo ni kosa hata kama hakuna aliyeumia, na kumpiga mtu shingoni au kichwani ni kadi.*

*Lakini kushuka si kuinamisha kichwa. Mtoto anayetazama nyasi haoni goti linalomjia. Ashuke kwa kukunja magoti na nyonga, mgongo umenyooka, macho juu. Asogeze mguu karibu na mwenye mpira kabla hajamgusa, na bega la upande wa mguu huo ndilo liguse kwanza. Kichwa kikae nyuma ya mwenye mpira, kamwe kisikatize mbele yake. Sisi huwaambia: shavu la uso kwenye shavu la tako. Chekeni, lakini kumbukeni. Mikono yote miwili imzunguke na kubana, miguu iendelee kusukuma mpaka waanguke, kisha amwachie na ainuke. Bega bila mikono ni kosa. Kumwinua mtu na kumbwaga ni kosa kubwa zaidi. Na mtoto yeyote akigongwa kichwa anatoka siku hiyo hiyo, hata akiapa kwamba yuko mzima, na harudi mpaka daktari aridhike.*

Angeishia hapo, angekuwa ameandika barua nzuri kuliko zote za klabu. Lakini mkono wa mtu anayejiona yuko sahihi haujui kukoma. Akaongeza:

*Haya yote tunayafundisha. Gunia letu la mazoezi lina utepe mwekundu unaoonyesha kimo hicho, na watoto hukaba chini yake kila siku. Kwa hiyo kilichotokea Jumamosi hakikutokana na mafunzo. Ulikuwa utovu wa nidhamu wa mchezaji mmoja, naye ameomba radhi.*

Gunia hilo alilishona mwenyewe, na alilipenda kama watu wanavyopenda gari. Lilikuwa nguzo nene ya sponji iliyovikwa ngozi ya plastiki ya bluu iliyobaki kwenye viti vya hoteli fulani. Liliposimama lilimfika puani. Watoto waliliita Bwana Mnene, walilisalimia kabla ya kuligonga. Sheria mpya ilipotoka, Sponji alilishonea utepe mwekundu kuzunguka tumbo lote, kwa mshono wa mara mbili, usiokwenda popote. Tangu siku hiyo wimbo wake ulikuwa mmoja: "Chini ya utepe! Chini ya utepe!"

Barua ikapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la simu la wazazi. Shukrani zikamiminika. Mzazi mmoja alisema amejifunza mengi kwa dakika mbili kuliko kwa miaka yote ya kutazama runinga. Kinyozi naye akaandika: *Ahsante Kocha. Sasa tunajua kosa lilikuwa la nani.* Mama mwokaji hakuandika kitu. Alama ndogo tu ilionyesha kwamba ameisoma.

Kisha bibi wa mchezaji mmoja, ambaye macho yake na maandishi vilikuwa vimeshagombana, akaomba: *Kocha tuwekee picha ya huo utepe, sisi wengine tunaelewa kwa kuona.*

Ombi la haki kabisa. Alhamisi, kabla ya mazoezi, Sponji alimsimamisha Bwana Mnene kwenye nyasi, akamwita mtoto wa kimo cha kawaida, kijana mpole waliyemwita Kidonge, akamwambia asimame ubavuni mwa gunia, wima, asicheke. Akarudi nyuma, akainua simu.

Kidonge alijitahidi asicheke. Utepe mwekundu ulipita sawa na mdomo wake.

Sponji alidhani simu imepinda. Akaishusha, akatazama kwa macho yake. Utepe ulikuwa palepale, kwenye mdomo wa Kidonge. Ukichukua bega la mtu ukaligongesha chini tu ya pale, linatua kwenye kidevu, na likishuka kidogo linatua kwenye koo. Kifua cha Kidonge, mahali mfupa unapoishia, kilikuwa mbali huko chini, zaidi ya shibiri moja.

"Nimekaa vizuri, Kocha?" Kidonge akauliza.

"Umekaa vizuri. Nenda kapashe mwili."

Alimsogelea Bwana Mnene, akasimama naye uso kwa uso. Akaweka kidole katikati ya kifua chake, akakishusha taratibu kama alivyowaelekeza wazazi, mpaka mfupa ukaisha. Kidole kikagusa utepe. Sawasawa, bila kukosea hata upana wa uzi. Akaikumbuka ile siku karakanani: alivyojiegemeza kwenye ngozi ya plastiki, akajishika kifua, akatia alama ya chaki. Fundi sofa, futi yake ni mwili wake. Alikuwa ametunga sheria ya watoto kwa kifua cha mtu mzima.

Na kwa nini hakuna aliyeona? Hapo ndipo aibu ilipomshika shingo, kwa sababu jibu lilikuwa jepesi. Watoto wengine walikuwa wafupi. Hata wafanyeje, mabega yao yaligonga gunia chini sana ya utepe, na yeye akapiga makofi. Ni mmoja tu aliyekuwa mrefu kiasi cha kuufikia, na huyo ndiye aliyeimbiwa ule wimbo usiku na mchana. Mlingoti alikuwa ameushusha mwili wake kwa bidii, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka bega likajua lenyewe mahali pa kutua: chini tu ya utepe. Sponji aliwahi hata kusimamisha mazoezi ili wote wamtazame. "Mwoneni dada yenu," alisema. "Hivyo ndivyo. Akikaba hivi hamwumizi mtu, nina hakika."

Jumamosi ile msichana hakukosa adabu ya mchezo. Alikuwa mtiifu kuliko wote uwanjani.

Sasa hapa mtu mwema angepuliza filimbi akawaita watu. Nami ningependa kukuambia kwamba Sponji alifanya hivyo. Hakufanya. Jambo la kwanza lililomjia kichwani si mtoto aliyelala kwenye chumba chenye giza, wala si yule wa sare iliyopigwa pasi. Lilikuwa swali moja tu: nani mwingine ameona?

Aliwaambia watoto kwamba mshono wa Bwana Mnene umeachia. Akalibeba gunia begani mpaka karakanani, akalilaza mezani, akachukua wembe wa kufumulia. Ule mshono wa mara mbili ulimtoa jasho, maana alikuwa ameushona mwenyewe usitoke. Akampima mwanawe wa kuzaa, aliyekuwa na umri ule ule, kwa kisingizio cha kumshonea fulana, akaushusha utepe, akaushona upya. Matundu ya zamani aliyaziba kwa gundi ya bluu na kuyasugua mpaka yakafa. Ilikuwa kazi safi. Katika maisha yake hakuwahi kufanya kazi safi kama ile kwa nia chafu kama ile.

Ijumaa alipiga picha mpya, Kidonge ubavuni, utepe kifuani mahali pake, akaituma. *Mnaona?* aliandika. Bibi akajibu kwa vidole gumba vingi. Sponji akaizima simu akaitia mfukoni, na chakula alichokula mchana huo hakikuwa na ladha.

Mke wake alimtazama akigeuza kijiko. "Una nini wewe? Mtoto ananiambia ulimpima fulana. Fulana gani, nawe hujawahi kushona hata leso?"

"Nilikuwa najaribu kitu."

"Haya," mkewe akasema, kwa ile sauti ya mtu anayeweka neno kabatini mpaka litakapohitajika.

Jumanne iliyofuata Mlingoti alikuja mazoezini. Amefungiwa mechi, si mazoezi, na mama yake hakuwa mtu wa kumwacha mtoto ajifiche. Wenzake walimpa nafasi kubwa kuliko kawaida, ile nafasi ambayo watoto huwapa wagonjwa na wezi. Ilipofika zamu yake kwa Bwana Mnene alisalimia gunia kama zamani, akakunja magoti, akaenda. Bega likatua lilipozoea. Utepe ulikuwa umebaki chini kabisa, karibu na kiwiko chake.

Alisimama akautazama. Akaugusa kwa mkono.

"Kocha, utepe umeshuka."

Watoto wawili watatu walikuwa wanasikiliza. Kabla Sponji hajafungua mdomo, msichana mwenyewe akamtafutia mlango, kwa wema, kama watoto wanavyowafanyia watu wazima wanaowaamini.

"Au ni mimi nimerefuka?"

"Watoto mnarefuka haraka," Sponji akasema.

Msichana akakubali. Huo ndio ulikuwa ubaya wa jambo lile: alikubali. Akautazama mwili wake wote kuanzia viatu kwenda juu, mikono ile mirefu, magoti yale, kama mtu anayetazama mbwa wake baada ya kusikia amemuuma jirani. "Basi ndiyo maana," akasema polepole. Akaenda kukaa kwenye benchi. Alipokaa alijikunja, mabega mbele, shingo ndani, akijitahidi kuwa mfupi.

Sponji alimaliza mazoezi bila kujua anasema nini. Aliwahi kuvunjika mbavu katika mchezo huu, aliwahi kung'olewa jino, aliwahi kuzomewa na uwanja mzima. Hakuna lililowahi kumdhalilisha kama kumwona mtoto yule akijikunja kwenye benchi. Nyani haoni kundule, husema watu. Yeye alikuwa ameliona lake, akalifunika kwa gundi ya bluu, kisha akamwachia mtoto alibebe.

Asubuhi alikwenda kwenye duka la mikate, akazunguka mlango wa nyuma, mahali pa kupokelea unga. Mama wa Mlingoti alikuwa anatoa sinia za mikate kwenye tanuri, kitambaa kichwani, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko.

"Kocha. Karibu. Kuna tena?" Lile neno *tena* lilimchoma.

"Hapana, mama. Nimekuja mimi na langu."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, utepe, kifua chake, Kidonge, wembe, gundi, na mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, alichomwambia mtoto kuhusu kurefuka. Mama aliendelea kutoa sinia, maana mkate haungoji mtu akiri. Ilipotoka ya mwisho alifunga mlango wa tanuri, akajifuta mikono.

"Hajala vizuri tangu ile siku," akasema. "Nilimchapa, unajua? Sijamgusa tangu akiwa mdogo kabisa. Nilimwambia, kocha wako anakufundisha vizuri, wewe unatuaibisha. Jana amerudi ananiuliza kama kuna dawa ya kuzuia kurefuka."

"Naomba radhi, mama," Sponji akasema. "Kweli naomba radhi."

"Umeniomba wapi?"

"Samahani?"

"Nakuuliza, uko wapi sasa hivi?" Akatazama huku na huku: magunia ya unga, ndoo ya maji machafu, paka. "Mwanangu alisimama mbele ya watu wote. Nilimpigia sare pasi. Wewe unakuja kwangu mlango wa nyuma, asubuhi, hakuna shahidi isipokuwa paka. Mimi sina haja nao, huo msamaha. Nenda kaupeleke ulipochukuliwa wa kwake."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu.

Barua ya pili Sponji aliiandika kwenye meza ileile, na ilimchukua muda mrefu kuliko ya kwanza, ingawa ilikuwa fupi. Hakuituma kwenye simu. Aliomba katibu aite wazazi, na walipokaa akasimama mahali pale pale aliposimama Mlingoti, akagundua kitu ambacho siku ile hakukijua: kwamba ukisimama pale taa iko machoni pako, na huwaoni watu nyuso zao.

Akasoma. Kwamba sheria ya kimo aliyowaeleza ni ya kweli, na namna ya kukaba aliyowaeleza ni ya kweli, wasiache hata neno moja. Kwamba utepe ulikuwa uwongo. "Niliupima kwenye kifua changu," alisoma. "Kwa mtoto, chini ya utepe ule ni kidevuni. Mchezaji niliyesema amekosa nidhamu alifanya kile nilichomfundisha. Nilipogundua niliuhamisha utepe kwa siri, nikapiga picha, nikawatumia. Na alipouliza nilimdanganya."

Kinyozi akasimama. Alikuwa mtu mpole dukani kwake, mwenye maneno mengi ya hali ya hewa.

"Mwanangu mimi mpaka leo mwanga unamuumiza," akasema. "Wiki mbili nimemchukia mtoto wa watu. Nikipita pale kwenye mikate navuka barabara. Umenifanya nimchukie mtoto, Sponji." Hakumwita Kocha. Akageuka akatafuta kwa macho safu ya mwisho, mama mwokaji alikokaa na binti yake. "Mama, nisamehe. Na wewe binti."

Mlingoti aliitikia kwa kichwa. Alikuwa bado amejikunja.

Katibu alivua miwani akaifuta, akasema kamati itaamua habari ya kocha, lakini itaanza leo hii kwa kumwandikia refa na chama kuhusu ile kadi. Wengine walitaka Sponji aondoke siku hiyo hiyo. Wengine walisema mtu aliyekiri asifukuzwe, watoto watajifunza nini. Walibishana juu yake kana kwamba ametoka nje, naye akasimama na kusikiliza, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Mwisho ikakubaliwa aendelee kwa muda, mzazi mmoja akiwepo kila mazoezi, na Bwana Mnene awekwe stoo.

Kwa hiyo Alhamisi hapakuwa na gunia. Sponji alifunga vitambaa vizito magotini, akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya watoto. Mtu mzima akipiga magoti anakuwa na kimo cha mtoto, na hiyo ni njia ya kufundishia ya siku nyingi. Alivaa fulana nyeupe, akachora mwenyewe kwa kalamu nene mstari pale ambapo, kwa kimo kile, mkabaji hapaswi kupita. Safari hii mstari uliangaliwa na katibu, na kinyozi, na mama mwokaji, kila mmoja kwa kidole chake.

"Mimi ndiye gunia," akawaambia watoto. "Macho juu. Mguu karibu. Kichwa nyuma yangu, si mbele. Mikono ibane. Atakayekosea nitamwambia asimame, tutaanza tena. Hakuna atakayegombezwa." Akashusha pumzi. "Mlingoti, njoo wewe wa kwanza."

Alikuwa amelipanga hilo kama zawadi. Msichana alitoka kwenye mstari akaja mpaka hatua chache mbele yake. Kwa kuwa kocha alikuwa chini, kwa mara ya kwanza alimtazama kwa kuinua uso, na msichana akaonekana mrefu sana. Alikunja magoti. Akasogeza mguu. Akasimama.

"Njoo," Sponji akasema. "Huwezi kuniumiza."

"Nikikupiga kichwani?"

"Hutanipiga. Uko vizuri kabisa. Naona hapa nilipo, bega lako litatua chini. Nina hakika."

Mlingoti alimtazama. Hakuwa na hasira, wala hakuwa anamlipizia. Alikuwa mtoto anayefikiri.

"Hata siku ile kwenye gunia ulisema una hakika, Kocha," akasema.

Akarudi kwenye mstari, akaenda mpaka mwisho wake, nyuma ya Kidonge. Hakuna aliyecheka. Sponji alibaki magotini, nyasi mbichi zikimlowesha, akatafuta neno la kumwambia, na kila alilolipata alikuwa ameshalitumia.

"Kocha," aliuliza aliyefuata, "nije mimi?"

"Njoo," akasema, na akamwangalia bega.